Taimu kavu huingia mapema, kotmiri hungoja moto uzimwe

Kila anayekuja kujifunza upishi kwangu, siku za mwanzo huwa na swali lile lile. Ameshika kikopo cha taimu kavu, sufuria iko motoni, na maelekezo aliyoyaandika kwenye daftari yanataka kijiko cha chakula cha taimu mbichi. "Dada, hii kavu nayo niweke kijiko kizima?" Namwambia aweke kijiko cha chai, tena aweke sasa hivi, asingoje. Hapo swali la pili hutoka lenyewe, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi: kwa nini majani makavu yawe machache na yaingie mapema, halafu mabichi yawe mengi na yangoje mwisho?

Nimekulia Pemba, kwenye nyumba ambayo mchuzi ulitiwa majani yaliyochumwa uani dakika ileile. Kisha nikaja kufanya kazi Arusha, kwenye jiko la nyumba ya wageni, na huko ndiko nilikokutana na vikopo: taimu, oregano, rozmari, rehani kavu, hata kotmiri kavu. Nje ya dirisha la jiko hilo kulikuwa na ua wa rozmari uliopandwa kuwa uzio, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za mjini hapa. Nilikuwa na rozmari mbichi upande mmoja na kavu upande wa pili, na wageni waliotaka chakula kile kile kila jioni. Mazingira hayo yalinifundisha mengi kuliko karatasi yoyote ya maelekezo.

Kanuni yenyewe watu wengi wanaijua: kijiko kimoja cha makavu kinachukua nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi. Kwa kuwa kijiko cha chakula ni sawa na vijiko vitatu vya chai, mtu akibadilisha kijiko cha chakula cha mabichi kwa kijiko cha chai cha makavu, amemaliza hesabu. Ni kanuni nzuri ya kuanzia. Tatizo ni pale mtu anapoitumia kwa kila jani bila kujua imetoka wapi, kwa sababu kuna majani inayoyafaa sana na kuna majani ambayo haina maana kwake hata kidogo.

Sababu ya kwanza ni maji. Kotmiri, ile ambayo wenzetu wa Kenya wanaiita dania, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji. Rehani ni hivyo hivyo. Taimu na rozmari ni kavu zaidi kwa asili, kwa kuwa majani yake ni membamba na magumu, lakini hata hizo maji ni karibu theluthi mbili ya uzito. Ukianika gramu 100 za taimu mbichi, utabaki na gramu 40 hivi au pungufu kidogo. Ukianika gramu 100 za kotmiri, utabaki na gramu 10 hivi za majani mepesi yanayopeperuka ukipumua karibu yake. Dagaa ni hivyo hivyo: kisado cha dagaa wakavu kina samaki wengi kuliko kisado cha wabichi, kwa sababu tu maji yametoka na nafasi imebaki.

Juu ya hilo, jani kavu huvunjika. Jani bichi la taimu linakaa kwenye kijiko likiwa limetanuka na kuacha hewa katikati. Kavu limesinyaa, limepondeka, na vipande vyake vinashikamana hadi kijiko kinajaa kweli. Kwa hiyo kijiko kimoja cha makavu kinabeba majani mengi kuliko kinavyoonekana kwa macho. Ukali tunaousema ni wa kijiko. Ni msongamano.

Hapa ndipo ninapomsimamisha mwanafunzi na kumtaka aangalie vizuri, kwa sababu watu wengi wakishasikia kwamba kavu ni kali zaidi, huamini kwamba kukausha kunaongeza harufu. Hakuongezi. Kukausha kunaondoa maji, na maji yanapoondoka huondoka na sehemu ya harufu pia. Chukua matawi ya taimu, ugawe mafungu mawili yanayolingana, moja ulitie mbichi kwenye mchuzi, jingine ulikaushe kwanza kisha ulitie lote kwenye mchuzi mwingine wa kiasi hicho hicho. Mchuzi wenye fungu lililokaushwa hautazidi ule wa fungu bichi kwa harufu. Utakuwa umepungukiwa kidogo, na harufu yake itakuwa nzito zaidi, imeshuka chini, bila ule ubichi wa juu unaokupiga puani mara ya kwanza.

Kwa maana hiyo ile kanuni ya moja kwa tatu ni mapatano kati ya mambo mawili yanayovutana. Maji yakitoka, kijiko kinakolea. Harufu ikitoka pamoja nayo, kijiko kinafifia. Kwa taimu, oregano na rozmari, harufu inayopotea ni ndogo, na hesabu inakaa vizuri. Kwa rehani, kinachopotea ni kingi: ukihesabu kwa maji peke yake, ungesema kijiko kikavu ni sawa na vijiko vinane au kumi vya kibichi, lakini ukionja utaona hakifiki huko hata karibu. Na kwa kotmiri mapatano yenyewe yanavunjika kabisa, kwa sababu karibu kila kilichofanya jani linukie kimekwenda na maji.

Kwa nini taimu ibaki na kotmiri iondoke? Hili nililielewa kwa kukumbuka kwetu. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda ambacho sote tunakijua kwa jina la Makonyo, kwa kuwa kilianza kwa kukamua mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta hayo hayakamuliwi kwa kuminya kama ya nazi. Makonyo hutiwa kwenye pipa kubwa, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake, na mvuke huo unapotoka unakuwa umebeba mafuta ya harufu. Ukipozwa, mafuta na maji hujitenga. Mafuta ya karafuu yakiwa peke yake yanahitaji joto kubwa mno kuliko maji ili yachemke, lakini yakiwa pamoja na mvuke, yanaondoka nao kwa joto la maji yanayochemka tu.

Sasa fikiria sufuria ya mchuzi isiyofunikwa. Ni kazi ile ile, ila hapa hakuna chombo cha kuupoza mvuke na kuyarudisha mafuta. Mvuke unapanda, unabeba mafuta ya harufu ya majani, na yanaishia darini. Jiko likinukia vizuri sana, ile ni harufu inayoondoka kwenye chakula. Mafuta mepesi huondoka mwanzo kabisa, mazito hubaki muda mrefu zaidi. Taimu na oregano zimebeba zaidi mafuta mazito, yenye vitu vinavyoitwa timoli na kavakroli, ambavyo haviondoki upesi na vinapenda kuyeyukia kwenye mafuta ya kupikia. Kotmiri harufu yake inatoka kwenye kundi jingine linaloitwa aldehaidi, ambalo ni jepesi na pia linaharibika likikutana na joto na hewa. Ndiyo sababu kotmiri iliyokatwa asubuhi na kuachwa wazi, jioni inanukia majani tu.

Mahali mafuta yanapokaa kwenye jani nako kuna maana yake. Kwetu mrehani hupandwa karibu na mlango, na wanawake huutia kwenye vikuba pamoja na asumini kwa ajili ya harusi. Ukipita na kanga yako ikaugusa tu, harufu inakufuata. Hiyo ni kwa sababu mimea ya jamii ya mrehani, ambamo zimo pia nanaa, taimu, oregano na rozmari, huhifadhi mafuta yake kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani. Vifuko vikiguswa vinapasuka. Jani la aina hii likikaushwa polepole kivulini, vifuko vingi vinabaki vizima, vimekaa juu ya jani lililonyauka. Kotmiri ni jamii nyingine. Mafuta yake yamo kwenye vijia vilivyo ndani ya jani na shina, ndiyo maana hainukii sana mpaka uikate au uiponde. Na mbegu yake, giligilani, ni jambo lingine kabisa: harufu yake ni tofauti na ya jani, na yenyewe inavumilia kukaushwa vizuri sana. Mtu asidhani kwamba akikosa majani anaweza kutia unga wa giligilani akapata kitu kile kile.

Nimefika sasa kwenye muda, na ningependa kuueleza kwa sufuria moja ninayoipika mara kwa mara, mchuzi wa nyama ya ng'ombe wa watu sita. Nyama kilo moja yenye mafuta kidogo, vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya tano, vitunguu saumu, mafuta ya kupikia vijiko vitatu vya chakula, chumvi, na majani ya aina mbili: taimu na kotmiri. Taimu ninayo kavu, kotmiri ninayo mbichi. Mchuzi huu kwa nyama yetu huchukua kama saa moja na nusu tangu kuunga hadi kuiva.

Nakaanga vitunguu hadi vilainike na kuanza kubadilika rangi, natia saumu, natia nyama na kuigeuza hadi ikauke maji yake, natia nyanya. Taimu haijaingia bado. Kuna wanaoitia kwenye mafuta pamoja na vitunguu, na kwa jani bichi hilo si baya, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake yanalikinga kwa muda. Jani kavu halina kinga hiyo. Likiangukia kwenye mafuta yaliyopamba moto linaungua kwa sekunde chache, linakuwa vidoa vyeusi, na mchuzi mzima unachukua uchungu usioondoka hata ukiongeza nyanya. Likitokea hilo, mwaga mafuta uanze upya wakati bado hujatia nyama.

Nyanya zikishavunjika na mchuzi umekuwa na majimaji, naongeza maji hadi yaifunike nyama, naacha ichemke taratibu na kifuniko juu. Zikibaki kama dakika 40 kabla ya kuepua, ndipo natia taimu: kijiko kimoja cha chai, nikikisugua kwanza katikati ya viganja juu ya sufuria ili majani yavunjike na vile vifuko vipasuke. Dakika 40 hizo zina kazi. Jani kavu ni gumu kama karatasi, na harufu iliyomo haitoki mpaka maji yamerudi ndani yake na kulilainisha. Hilo linahitaji muda, na kwa majani magumu linahitaji muda zaidi. Kisha harufu inahitaji muda wa kutoka kwenye jani, kuingia kwenye mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi, na kupitia kwa mafuta hayo kufika kwenye nyama. Mchuzi usio na mafuta kabisa hauwezi kuishika taimu vizuri. Utainusa jikoni, hutaionja mezani.

Kwa nini nisiiweke tangu mwanzo, kwa saa nzima na nusu? Inawezekana, na kwa mchuzi uliofunikwa vizuri hasara si kubwa. Lakini kwa maharage yanayochemka saa mbili au tatu, sufuria wazi, kutia majani makavu mwanzoni ni kuyapeleka darini. Yanapobaki kama dakika 40, jani linapata muda wake wa kulainika, na mvuke haupati muda wa kuchukua kila kitu. Hiyo ndiyo nafasi ninayoitafuta kila mara.

Nyama imeiva, mchuzi umeshikana. Nazima moto kwanza. Kisha nakata kotmiri, fungu linalojaa kiganja, na nasema nakata wakati huo, si mapema nikaiacha kwenye sahani. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu kinaliponda jani, linakuwa jeusi na maji yake yanabaki kwenye ubao. Majani naweka juu ya mchuzi, nageuza mara moja, nafunika dakika mbili. Joto lililobaki linatosha kuyalegeza na kuitoa harufu, na kifuniko kinairudisha chini. Mashina hayatupwi. Yana harufu nyingi na yanavumilia moto kuliko majani, hivyo nayasaga pamoja na saumu na kuyatia mwanzoni. Pale mwanzoni yanatoa ladha ya chini, na majani ya mwisho yanaleta harufu ya juu.

Siku nikiwa na taimu mbichi, sibadilishi wakati wake sana, na hili linawashangaza wengi kwa sababu wamesikia kwamba majani mabichi yote ni ya mwisho. Taimu, rozmari na oregano zina majani magumu na harufu nzito hata zikiwa mbichi. Hizo zinaingia katikati ya mapishi. Natia matawi matano au sita mazima, au kijiko cha chakula cha majani yaliyopukutishwa, na nikipenda nanyunyizia majani machache mengine mwishoni kurudisha ule ubichi. Yanayongoja moto uzimwe ni yale laini: kotmiri, rehani, nanaa, na majani ya vitunguu. Kwa hiyo ukiwa na jani usilolijua, liguse. Likiwa laini, lenye maji, linalonyauka saa chache baada ya kuchumwa, lisubirishe. Likiwa gumu, lenye kijiti kama mti, lipe muda motoni.

Rozmari ninaitaja peke yake kwa sababu ndiyo inayoharibu vyakula vingi hapa Arusha, pengine kwa kuwa ipo kila mahali na ni ya bure. Kwenye kuku wa kuoka inafaa sana, tawi likiwekwa chini ya kuku au ndani ya tumbo lake. Kwenye mchuzi, tawi moja la urefu wa kidole linatosha sufuria ya watu sita, na mimi hulitoa baada ya dakika 15 au 20. Likibaki, mchuzi unaanza kuwa na ladha ya dawa ya kuchua, na uchungu unakaa nyuma ya ulimi. Rozmari kavu ina tatizo la ziada: jani lake halilainiki kabisa hata ulipike muda mrefu, linabaki kama sindano mdomoni. Lifunge kwenye kitambaa safi ulitoe baadaye, au lisage. Lakini ukilisaga, punguza. Unga wa jani lolote ni mzito zaidi kijikoni kuliko jani kavu lililo zima, na harufu yake inatoka mara moja. Palipotaka kijiko kimoja cha chai cha majani makavu, nusu kijiko cha unga kinatosha kwa kuanzia.

Makosa haya yanajitambulisha yenyewe ukionja kwa makini. Mpishi kijana tuliyekuwa naye kwenye nyumba ya wageni alizoea kunyunyizia oregano kavu juu ya mchuzi wa nyanya akiwa anaupeleka mezani, kama ambavyo mtu angefanya na kotmiri. Wageni walisema mchuzi una ladha ya nyasi kavu, na walikuwa sahihi. Majani yalikuwa bado hayajanywa maji, kwa hiyo walichokutana nacho ulimini ni jani lenyewe, vumbi na ugumu, huku harufu ikiwa bado imefungwa ndani. Mchuzi wa namna hiyo unaweza kuokolewa. Urudishe motoni na kijiko kimoja cha mafuta, uufunike, uache uchemke polepole dakika 15. Ukionja tena utadhani umeongeza kiungo, kumbe ni kile kile, kimefunguka.

Kinyume chake ni kotmiri iliyochemshwa. Hiyo utaiona kabla ya kuonja: majani yamekuwa rangi ya zeituni, yameteleza na kugandana kwenye ukingo wa sufuria, na ukiinamia mvuke hupati kitu. Kwa hiyo hakuna dawa zaidi ya kukata nyingine. Na majani makavu yaliyozidi yanatambulika kwa uchungu na kwa ganzi kidogo ulimini, hasa taimu na oregano, kwa kuwa ile timoli kwa wingi inauma. Hapo ongeza ujazo: nyanya, viazi, au tui la nazi. Tui linasaidia kuliko maji, kwa kuwa mafuta yake yanaichukua ile harufu kali na kuitawanya. Sukari haisaidii, ingawa watu wanaipenda kwa haraka.

Kikopo chenyewe kinahitaji kuangaliwa kabla ya hesabu yoyote. Kanuni ya moja kwa tatu inadhani majani makavu bado yana uhai. Majani yaliyokaa dukani kwenye jua, kisha yakakaa jikoni kwako juu ya jiko, yamebaki rangi ya udongo na harufu ya karatasi, na hata ukitia vijiko vitatu hupati kitu zaidi ya ugumu. Tia kidogo kiganjani, sugua kwa kidole gumba, nusa. Usipopata harufu pale, sufuria haitaipata pia. Jambo linaloua majani mapema kuliko yote ni kutikisa kikopo moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka. Mvuke unaingia, majani yanagandana, na baada ya wiki kadhaa yananuka uvundo. Mimi hutia kwanza kwenye kiganja au kisahani, nafunga kikopo, ndipo nakwenda jikoni.

Ninapokausha mwenyewe, nakausha zile ngumu tu. Matawi ya taimu au oregano nayafunga mafungu madogo, nayaning'iniza kivulini penye hewa, mbali na jua na mbali na moshi. Jua kali linayachoma na kuyachukulia mafuta. Yakivunjika kwa sauti yakiguswa, yako tayari, nami nayaweka kwenye chupa yakiwa majani mazima na kuyasugua siku ya kuyatumia. Kotmiri siikaushi. Ikizidi sokoni na bei ikashuka, naikata, naitia kwenye vyombo vya barafu na maji kidogo au mafuta kidogo, naigandisha. Ikitoka huko imelegea na haifai kwa kachumbari, lakini harufu yake iko juu sana ukilinganisha na ya kikopo, na inaingia kwenye mchuzi mwishoni kama mbichi.

Kwenye chakula kisichopikwa ndipo watu wanapokwama zaidi na majani makavu, kwa kuwa hakuna moto wala muda. Nikitaka oregano kavu kwenye saladi au kwenye mchuzi baridi wa kupakaza samaki, naiweka kwanza kwenye maji ya limau na mafuta kidogo na chumvi, naikoroga haraka, naiacha dakika 20. Limau linailainisha, mafuta yanaichukua harufu. Kachumbari yenyewe naiachia mabichi, au naila bila majani.

Nanaa inasimama katikati ya makundi haya. Ikikaushwa hupoteza ule ubichi wake wa juu lakini inabaki na harufu ya kutosha, tofauti na mbichi ila nzuri kwa namna yake, na ni moja ya majani laini machache ninayoyaweka kwenye chupa bila kusita. Kwenye chai, mbichi naiponda kidogo kwa vidole, naitia kwenye kikombe na kumimina maji ya moto juu yake. Kavu naitia kijiko kimoja cha chai kwenye birika, namimina maji yaliyochemka, nafunika, nasubiri dakika tano hadi saba. Siichemshi pamoja na maji, na sifunui birika kabla ya wakati.